Mbegu moja, visiwa vilevile: iulize x na y, usihifadhi ramani

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza gemu ya simu kwa Java. Mchezaji ni mvuvi anayezunguka visiwani na ngalawa. Dunia yote inatokana na `new Random(mbegu)`. Mimi niko Kigamboni, rafiki yangu yuko Tegeta, na wote tumeandika mbegu "Sinda". Bandarini tunaona vitu vilevile, lakini tukishasafiri kila mtu anakuwa na visiwa vyake. Nikajaribu kuhifadhi ramani nzima, vigae 4096 kwa 4096, faili likafika MB 67. Simu za wenzangu hazina nafasi hiyo, na bando la kulituma ndiyo kabisa. Nasikia mtu anaweza kuwa na dunia nzima bila kuihifadhi. Inafanyikaje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Jambo lililonisaidia zaidi katika maelezo yako ni hilo la bandarini. Kama bandari inafanana kwenye simu zote mbili, basi mbegu imefika salama. Ingetofautiana hata kwa herufi moja, bandari nayo ingekuwa nyingine. Kosa liko katika namna unavyozichota namba baada ya hapo.

`Random` ya Java ni mkondo. Ukiipa mbegu, inatoa mfuatano mmoja usiobadilika: namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ni kama kitabu cha tiketi cha konda wa daladala. Tiketi zimeshapangwa, ila nani anapata ipi inategemea nani kalipa kwanza. Nadhani dunia yako umeigawa vipande vya vigae 16 kwa 16, maana wengi hufanya hivyo, na kila kigae kinachota namba moja. Basi kila kipande kinakula namba 256. Bandari imechukua ya 1 hadi ya 256 kwenu nyote wawili. Wewe ukaenda kaskazini, na kipande cha huko kikapata ya 257 hadi ya 512. Kisha ukakata mashariki, kikapata ya 513 hadi ya 768. Mwenzako alianza na mashariki. Kipande chake cha mashariki kimejengwa kwa namba zilezile zilizojenga kaskazini yako.

Unaweza kuhakikisha leo hii. Mwambie aanze upya na afuate njia yako hatua kwa hatua, bila kukata kona. Visiwa vitafanana. Visipofanana hata hapo, basi kuna kitu kingine kinachochota kwenye mkondo huohuo, mara nyingi samaki au mawimbi, na kila samaki akigeuka anaisukuma dunia yako namba moja mbele.

Mkondo wenyewe si kitu kibaya. Gemu ya Elite ya mwaka 1984, kazi ya David Braben na Ian Bell, iliweka galaksi 8 zenye mifumo ya sayari 256 kila moja ndani ya kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, na ilifanya hivyo kwa mkondo. Mbegu yake ilikuwa namba tatu za biti 16. Lakini galaksi yao ilikuwa fupi: ukitaka sayari ya 200, unaanza mwanzo na kuhesabu hadi 200, inakwisha mara moja. Wewe una vigae zaidi ya milioni 16, na mvuvi wako anaweza kwenda upande wowote. Unachohitaji ni kuuliza kigae chochote, wakati wowote, bila kupitia vingine. Jibu litegemee vitu viwili tu: mbegu, na x na y za kigae hicho.

Hapo watu wengi hukimbilia kuandika `new Random(mbegu + x + y)` kwa kila kigae. Wazo ni sahihi, utekelezaji ndio mbovu. Kwanza, kigae cha x 3 na y 5 kinatoa jumla ya 8, na cha x 4 na y 4 vilevile. Kila mstari wa mshazari utakuwa na kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ramani itaonekana kama kitambaa cha mistari. Ukibadilisha iwe `x * 10000 + y`, mistari inapungua lakini unakutana na tatizo la pili, ambalo ni la Java yenyewe. Jaribu kuchapisha `nextDouble()` ya kwanza kutoka `new Random(0)`, kisha `new Random(1)`, kisha `new Random(2)`. Utapata takriban 0.7310, 0.7309 na 0.7311. Mbegu zinazokaribiana hutoa namba za kwanza zinazokaribiana, kwa kuwa `Random` inazikoroga kidogo sana kabla ya kutoa ile ya kwanza. Iliundwa ili mfuatano wake ndani ya mbegu moja uonekane nasibu. Kulinganisha mbegu jirani si kazi iliyopewa.

Tunachotaka ni heshi: fomula inayopokea namba na kurudisha namba nyingine, ile ile kila mara, lakini ukigusa biti moja tu ya unachoingiza, karibu nusu ya biti za jibu zinageuka. Kuna moja fupi na maarufu, sehemu ya mwisho ya heshi iitwayo MurmurHash3, aliyoitengeneza Austin Appleby. Kwa Java ni hii:

```java
static int koroga(int h) {
    h ^= h >>> 16;
    h *= 0x85ebca6b;
    h ^= h >>> 13;
    h *= 0xc2b2ae35;
    h ^= h >>> 16;
    return h;
}
```

Usiinakili bila kuelewa kwa nini ina hatua za aina mbili zinazopokezana. Kuzidisha husambaza habari kuelekea juu tu. Biti ya mwisho ya jibu la kuzidisha inategemea biti za mwisho za namba ulizozidisha, basi. Biti mbili za mwisho zinategemea biti mbili za mwisho. Kwa hiyo biti za juu zinachanganyika vizuri na za chini zinabaki karibu kama zilivyokuja. Ndipo `h ^= h >>> 16` inapozichukua zile za juu zilizokwisha changanyika na kuzishusha chini, kisha tunazidisha tena. Ukiondoa mojawapo, fomula inaharibika, na uharibifu wake unaonekana kwa macho.

Mfano mzuri ni ile fomula utakayoikuta kila mahali, `(x * 73856093) ^ (y * 19349663)`. Ilitungwa kwa ajili ya kugawa vitu kwenye jedwali, na kwa kazi hiyo inatosha. Ila haina hatua ya kushusha biti. Namba zote mbili ni witiri, kwa hiyo biti ya mwisho ya jibu ni biti ya mwisho ya x ikilinganishwa na ya y tu. Ukisema "jibu likiwa shufwa weka mti, likiwa witiri weka mchanga," utapata bao la drafti, mti na mchanga kwa zamu, dunia nzima. Ukichukua baki ya kugawa kwa 4, mchoro utajirudia kila baada ya vigae vinne. Nimeona gemu ya mtu ikiwa na msitu wa namna hii, na mwenyewe alikuwa anazidi kubadilisha mbegu akidhani mbegu ndiyo mbaya.

Tuifuate `koroga` kwa namba halisi. `koroga(1)` ni 1364076727. `koroga(2)` ni 821347078. `koroga(3)` ni 2247144487. Namba tatu jirani zimetawanyika. Tuseme kanuni yako ni hii: gawa kwa 100, baki ikiwa chini ya 30, panda mti. Baki ni 27, 78 na 87, kwa hiyo mti unaota mahali pa kwanza tu.

Sasa iendeshe kwenye simu yako. Ya tatu haitachapishwa kama nilivyoiandika. Itatokea -2047822809, kwa sababu `int` ya Java ina upande wa hasi na 2247144487 imevuka mpaka wa upande chanya. Biti ni zilezile, usomaji ndio umebadilika. Lakini `%` ya Java ikigawa namba hasi hutoa baki hasi. Hapa inatoa -9. Na -9 ni chini ya 30, basi mti umeota pasipostahili. Nusu ya heshi zote zina alama ya hasi, na zote hizo zitahesabiwa kuwa miti. Nusu iliyobaki itatoa miti asilimia 30. Jumla unapata asilimia 65 badala ya 30. Ukiona msitu wako umeshona mara mbili ya ulivyopanga, tafuta hapo kwanza. Dawa ni `Integer.remainderUnsigned(h, 100)`, au `(h >>> 1) % 100` kwa simu za zamani zisizo na hiyo ya kwanza. Chagua moja uishi nayo, maana majibu yake hayafanani.

Sasa tunaunganisha mbegu, x na y. Usivijumlishe vyote ukakoroga mara moja, la sivyo yale mambo ya 3 na 5 yatarudi. Koroga baada ya kila kimoja:

```java
static int uliza(int mbegu, int x, int y, int kazi) {
    int h = koroga(mbegu + 0x9e3779b9);
    h = koroga(h ^ x);
    h = koroga(h ^ y);
    return koroga(h ^ kazi);
}
```

Ile `0x9e3779b9` ipo kwa sababu `koroga(0)` ni 0. Bila kuiongeza, anayeandika mbegu 0 angekuta kigae cha katikati ya dunia, x 0 na y 0, kinajibu 0 kwa kazi namba 0. Si janga, ila mahali hapo ndipo kila mchezaji anapoanzia, na watu hupenda kuandika 0.

`kazi` ndiyo watu huisahau. Tuseme unapanda mti baki ikiwa chini ya 30, na unachimba kisima baki ikiwa chini ya 2, ukitumia heshi moja kwa maswali yote mawili. Kila kisima cha dunia yako kitakuwa chini ya mti, hata kimoja hakitakuwa peupe, kwa kuwa kila namba iliyo chini ya 2 iko chini ya 30 pia. Mpe mti kazi 1, kisima kazi 2, jiwe kazi 3, na kila swali litakuwa na jibu lake lisilohusiana na mengine. Ukishazigawa usizipange upya. Ukija kuongeza mikoko mwakani, ipe namba mpya mwishoni.

Mpaka hapa una vigae vilivyotawanyika kama chumvi. Visiwa vinataka umbo, na hapa ndipo ninapoona uzuri wa jambo zima. Weka gridi kubwa juu ya dunia, tuseme kona kila baada ya vigae 64. Urefu wa ardhi penye kila kona ni heshi ya kona hiyo, ikigeuzwa kuwa sehemu kati ya 0 na 1. Kigae kilicho kati ya kona nne kinachanganya urefu wa kona hizo kulingana na kilivyo karibu na kila moja.

Chukua kigae cha x 80, y 16. Kiko ndani ya mraba wa gridi wa namba 1 kwa x na namba 0 kwa y. Kutoka kona yake ya kwanza kimesogea vigae 16 kati ya 64 kila upande, yaani 0.25. Kabla ya kuchanganya tunalainisha hiyo 0.25 kwa fomula `3t² − 2t³`, tunapata 0.15625. Bila kulainisha, mipaka ya gridi ingeonekana kama mikunjo ya karatasi. Tuseme kona za juu zilijibu 0.9 na 0.3, za chini 0.7 na 0.1. Upande wa juu, kutoka 0.9 kuelekea 0.3 kwa kiasi cha 0.15625, unapata 0.80625. Upande wa chini unapata 0.60625. Kisha unatoka wa juu kuelekea wa chini kwa kiasi kilekile: 0.775. Kama usawa wa bahari umeuweka 0.6, mvuvi wako yuko nchi kavu.

Sasa angalia kigae kilicho ng'ambo ya mpaka, katika mraba wa pili. Nacho kinahitaji kona mbili za pamoja na mraba wa kwanza. Hakuna aliyezihifadhi na hakuna aliyezipitisha kutoka mraba mmoja hadi mwingine. Mraba wa pili unaziuliza upya kwa x na y zake, unajibiwa namba zilezile, na ufuko unaunganika bila mshono hata kama mraba wa kwanza haujawahi kuonekana kwenye skrini. Kisha ongeza tabaka la pili lenye kona kila vigae 16 na uzito mdogo, ufuko upate vighuba. Kila tabaka lipe kazi yake.

Vitu vinavyovuka mpaka ndivyo vinavyowatesa wengi. Tuseme mbuyu wako una matawi yanayofika vigae vitatu kila upande. Shina likiwa kigae cha mwisho cha kipande kimoja, matawi yanaingia cha jirani. Ukichora kipande kwa kuangalia mashina yaliyo ndani yake tu, mibuyu itakatwa nusu kwa mstari ulionyooka. Usimsubiri jirani aundwe. Unapochora kipande, uliza vigae vilivyo hadi vitatu nje yake pande zote, "je, hapa pana shina?" na uchore matawi yanayoingia kwako. Jirani naye atafanya hivyo akifikiwa, na mtakubaliana.

Hapohapo kuna mtego. Utatamani mibuyu isisongane, utaandika "usipande kama jirani ameshapanda." Neno "ameshapanda" limerudisha mpangilio wa safari ndani ya dunia: anayefikiwa kwanza anapanda, wa pili ananyimwa, na wewe na rafiki yako mmeachana tena. Mwamuzi lazima awe heshi tupu, kabla ya uamuzi wowote. Kila kigae kinachotaka mbuyu kilinganishe heshi yake na za vigae vyote vilivyo ndani ya umbali unaoutaka. Chenye heshi kubwa kuliko vyote ndicho kinachopanda. Njia nyepesi zaidi ni kuigawa dunia viwanja vya 8 kwa 8, kila kiwanja kiwe na mbuyu mmoja, na heshi iseme umesogea vigae vingapi kutoka pembeni, kati ya 0 na 4. Mibuyu ya viwanja viwili vilivyopakana ubavu haitakaribiana chini ya vigae vinne, na hujaulizana na mtu.

Bado kidogo kuhusu mipaka: ngalawa ikivuka kwenda x hasi, `-1 / 16` kwa Java ni 0, si -1. Kipande namba 0 kitajikuta kinadai vigae kuanzia -15 hadi 15, vigae 31 badala ya 16, na ufuko wa hapo utaonekana umejikunja kama kwenye kioo. Tumia `Math.floorDiv` na `Math.floorMod`. Hili hugunduliwa kwa kuchelewa, maana wengi hujaribu gemu wakielekea upande chanya tu.

Kuhusu kuhifadhi: kuna kitu lazima ukihifadhi, nacho ni kile alichofanya mchezaji. Heshi haijui kwamba mvuvi amekata mnazi. Weka jedwali la mabadiliko tu, x, y na hali mpya, baiti 12 kwa kila badiliko ukiwa na nafasi ya ziada. Mtu aliyegusa vigae 5000 atakuwa na faili la KB 60. Unapoonyesha kigae, angalia kwanza kwenye jedwali. Kisipokuwepo, uliza heshi. Rafiki yako wa Tegeta unamtumia mbegu kwa ujumbe mfupi, na mkitaka dunia yenye minazi iliyokatwa, unamwongezea hizo KB 60.

Gharama ya njia hii ni kwamba fomula yako sasa ndiyo ramani. Ukibadilisha usawa wa bahari kutoka 0.6 kuwa 0.58, kila ufuko wa dunia ya kila mchezaji umesogea, na mnazi uliokatwa jana huenda leo uko majini. Minecraft, yenye mbegu maarufu kuliko zote, huhifadhi kila kipande kilichokwisha kuundwa. Toleo lake la 1.18 la mwishoni mwa 2021 lilipobadilisha umbo la milima, milima ya maeneo yaliyotembelewa ilibaki ilivyo na maeneo mapya yakaundwa kwa fomula mpya, wakaweka na namna ya kulainisha mpaka kati ya mawili. Wewe huna anasa hiyo. Andika namba ya toleo la fomula pamoja na mbegu ndani ya faili la mchezaji, na fomula ya zamani iache ndani ya programu kwa ajili ya dunia za zamani.

Pia kuna maswali ambayo heshi ya kigae haiwezi kuyajibu. Mto unaotoka mlimani hadi baharini unahitaji kujua ardhi yote njiani. "Dunia ina visiwa vingapi?" haijibiki bila kuvizuru vyote. Ukitaka sanduku moja tu la hazina, usitoe nafasi ndogo kwa kila kigae ukaomba Mungu litokee moja. Liulize kwa mbegu peke yake: heshi moja ikupe x, nyingine y. Likiangukia majini, rudia kwa kazi nyingine, jaribio la 0, la 1, la 2, hadi ufike nchi kavu. Kila simu itapitia majaribio yaleyale na kufika mahali palepale.

Umeandika mbegu kwa maneno, kwa hiyo nadhani unatumia `hashCode()` ya Java. Ni salama, hesabu yake imewekwa rasmi na haibadiliki kati ya simu. Lakini "Sinda" ni 79889205 na "sinda" ni 109441877, dunia mbili zisizojuana. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa yenyewe, na ikikubahatishia neno huacha nafasi nyuma yake. Tumia `trim()` na `toLowerCase(Locale.ROOT)` kabla ya kuhesabu.

Ili kujua umefaulu, fanya majaribio mawili. La kwanza ni picha: chora vigae 256 kwa 256, nyeupe au nyeusi kwa biti ya mwisho ya `uliza`, kisha rudia kwa biti ya kwanza. Ukiona mistari, miraba au kioo, kuna hatua umeiruka. Fanya pia kwa x na y hasi. La pili ni safari: unda vipande 100 kwa mpangilio mmoja, uvifute, uviunde tena kuanzia cha mwisho, na ulinganishe kigae kwa kigae. Tofauti hata moja ina maana kwamba mahali fulani bado kuna `Random` inayochotwa.

Na kama utapeleka gemu kwenye kivinjari, kuzidisha kwa kawaida kwa JavaScript kutakusaliti, kwa kuwa namba zake zinapoteza tarakimu za mwisho zikipita 2⁵³, na `koroga` inategemea hizohizo za mwisho. Zidisha kwa `Math.imul`, na mwishoni andika `h >>> 0`. Kisha chapisha `koroga` ya 1, 2 na 3 pande zote mbili, ukikumbuka kwamba ya tatu Java itaionyesha kwa alama ya hasi.